UZI: Mkataba wa miaka miwili, ghala la Pongwe. Nisomeeni majaribio, notisi na kiinua mgongo kabla sijasaini Ijumaa

#1 BintiKorogwe
Habarini wana Tanga. Nimepata kazi ya usimamizi wa stoo kwenye ghala moja huko Pongwe, jina naliacha. Sasa hivi niko stoo ya hoteli moja Raskazone, mwaka wangu wa nne, na nina cheti cha ununuzi na ugavi, kwa hiyo nikiondoka naacha kitu, siendi kujaribu bahati. Mkataba ni wa miaka miwili na wameuandika kwa Kiingereza. Vifungu vitatu vinaninyima usingizi na nimevitafsiri hivi:

"4. Mwajiriwa atakuwa kwenye majaribio kwa miezi sita. Mwajiri anaweza kuongeza miezi mingine sita kadiri atakavyoona. Baada ya hapo mwajiriwa atathibitishwa kazini. Wakati wa majaribio mwajiri anaweza kuvunja mkataba siku yoyote bila notisi."

"17. Baada ya kuthibitishwa, mwajiri atatoa notisi ya mwezi mmoja na mwajiriwa atatoa notisi ya miezi mitatu. Mwajiriwa atakayeondoka bila notisi atamlipa mwajiri mshahara wa miezi mitatu."

"18. Kiinua mgongo ni siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka wa kazi. Hakitalipwa kama mwajiriwa ameacha kazi mwenyewe, amefukuzwa kwa utovu wa nidhamu, au mkataba umefika mwisho."

Mshahara ni 650,000 kwa mwezi, ila wameugawa: msingi 390,000, posho ya nyumba na nauli 260,000. Kazi ni Jumatatu hadi Jumamosi.

Nimetafsiri sawa? Na nikikaa mezani na afisa utumishi niombe nini bila kuonekana msumbufu?

#2 ChudaKwetu
Hongera dada. Hapo kwenye majaribio usijitie presha. Sheria iko wazi, ukishapitisha miezi sita umekuwa mfanyakazi kamili, wakithibitisha wasithibitishe. Hawawezi kukugusa tena bila sababu. Wewe saini, hesabu miezi yako.

#3 MwlPangani
Mbona kuthibitishwa ni jambo la kawaida tu? Mimi niliajiriwa, nikajaza fomu zangu za tathmini, barua ya kuthibitishwa ikaja kupitia halmashauri. Muulize mkuu wako wa idara akuelekeze.

#4 BintiKorogwe
Mwalimu, huko ni serikalini. Hii ni kampuni binafsi, mkuu wa idara mwenyewe ndiye mwenye ghala.

#5 KatibuTawiMstaafu
Binti, kabla sijasema lolote tuma picha ya kifungu cha 4 kama kilivyo, ufiche jina la kampuni. Tafsiri yako inasomeka vizuri, lakini kuna neno moja nina mashaka nalo.

#6 BintiKorogwe
Shikamoo mzee. Hiyo hapo. [picha]

#7 KatibuTawiMstaafu
Marahaba mwanangu. Nilikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kiwandani, karatasi za namna hii nimezisoma nyingi.

Kifungu cha 4 umekitafsiri kwa huruma kuliko walivyoandika. Hawajasema "atathibitishwa". Wamesema "anaweza kuthibitishwa kwa barua, mwajiri akiridhika na utendaji wake". Na hapa ndugu yangu wa Chuda amepata nusu. Miezi sita ipo kweli kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 35: aliye chini ya miezi sita kazini hawezi kudai kwamba ameachishwa isivyo haki. Watu wakageuza wakadhani miezi sita ikipita basi umethibitishwa moja kwa moja. Mahakama ya Rufani ililikataa hilo mwaka 2019: muda wa majaribio kupita hakukufanyi uwe umethibitishwa, na aliye bado kwenye majaribio hapati kinga ile ya waliothibitishwa, hata kama miezi sita imepita. Kwa mkataba wako, wakiongeza miezi sita mingine, unaweza kukaa mwaka mzima kati ya miwili ukiwa nusu ndani, nusu nje.

Lakini usione kwamba aliye kwenye majaribio hana chochote. Kanuni za Utendaji Bora, tangazo la serikali namba 42 la 2007, zinasema majaribio yawe ya urefu unaoeleweka na yasizidi miezi kumi na miwili. Mwajiri anatakiwa akufuatilie, mkutane mara kwa mara mzungumze kazi inakwendaje, na akiona hufai akwambie, akusikilize, akupe muda wa kujirekebisha kabla ya kukutoa. Kuongeza muda nako hakufanywi kimyakimya, wakushauri kwanza. Ile "kadiri atakavyoona" imeandikwa kama hakuna kanuni.

Na "bila notisi" haisimami. Kifungu cha 41 hakimbagui wa majaribio. Ndani ya mwezi wa kwanza notisi isipungue siku saba. Baada ya hapo, kwa anayelipwa kwa mwezi, isipungue siku 28. Asipotaka uzitumikie, akulipe hizo siku.

#8 ChudaKwetu
Mzee nimekupata kwenye uthibitisho. Lakini hii ya notisi wa majaribio, mbona kila mtu hapa mjini anaambiwa aondoke leo leo na anaondoka?

#9 KatibuTawiMstaafu
Anaondoka kwa sababu hadai. Ukitolewa mwezi wa tatu huwezi kudai uonevu wa kuachishwa, lakini mshahara wa siku ulizofanya na notisi ni vyako, na unavidai CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hapa hapa Tanga.

#10 DerevaMasafa
Naomba niingize langu. Niliajiriwa Tanga, nikahamishiwa Mtwara. Nikiwa likizo nyumbani Makorora nikaletewa barua: umepewa notisi ya siku 28, na likizo yako ni siku 28, kwa hiyo siku ya kurudi ndiyo siku ya kuachishwa. Vyombo vyangu bado viko Mtwara. Walikuwa sawa? Ilikuwa mwaka jana mwezi wa tatu.

#11 KatibuTawiMstaafu
Hawakuwa sawa. Notisi haitolewi mtu akiwa likizo na haiendi sambamba na likizo, kifungu hicho hicho cha 41. Na kama umeachishwa mbali na ulikoajiriwa, usafiri wako na mizigo kurudi hadi ulikoajiriwa ni wa mwajiri, pamoja na fedha ya kujikimu siku za kusubiri usafiri. Tatizo lako ni tarehe. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa CMA ndani ya siku 30, madai mengine ndani ya siku 60. Ukichelewa unaanza na maombi ya kuongezewa muda na sababu ya kuchelewa, na "sikujua" huwa haitoshi. Nenda na barua zote ukaonane nao ana kwa ana.

Tusimpoteze binti, ana Ijumaa.

#12 KatibuTawiMstaafu
Kifungu cha 17 ndicho chepesi kuliko vyote. Sheria inaruhusu notisi ndefu kuliko siku 28, kwa sharti kwamba iwe sawa pande zote mbili. Wao mwezi, wewe miezi mitatu: hairuhusiwi. Ama wote mwezi, ama wote miezi mitatu. Na ile adhabu ya kulipa mishahara mitatu nayo inayumba, kwa sababu sheria inamruhusu mwajiri, mfanyakazi akigoma kutumikia notisi yake, akate kwenye malipo yake ya mwisho kile ambacho angelipwa siku hizo. Notisi ikiwa mwezi, makato ni ya mwezi.

Fikiria itakavyokubana. Ukipata kazi bandarini mwakani, hakuna mwajiri atakayekusubiri miezi mitatu. Utabaki Pongwe si kwa kupenda.

#13 ZamuYaUtumishi
Mimi niko upande wa pili wa meza, ofisi ya utumishi kwenye kampuni moja, si hiyo. Nawaambieni ukweli: vifungu hivi mara nyingi hakuna aliyevitunga kwa ubaya. Mtu amechukua mkataba wa kampuni nyingine, akabadilisha jina, akachapa. Ile miezi mitatu huenda ilitoka kwenye mkataba wa meneja.

Kwa hiyo dada, usiende na sauti ya mahakamani. Ukisema "kifungu cha 17 naona muda hauko sawa pande zote, na sheria inataka ulingane, naomba tuweke mwezi mmoja kwa wote", afisa mwenye akili atarekebisha siku hiyo hiyo kwa sababu unamwokoa yeye. Hilo wala halihesabiki kama umeomba kitu.

Majaribio kushuka kutoka miezi sita hadi mitatu inawezekana kwa mtu mwenye uzoefu. Una miaka minne ya stoo ya hoteli, una cheti cha ununuzi na ugavi, sema hivyo. Ambacho hutapata ni maneno "atathibitishwa moja kwa moja". Wakurugenzi wanayaogopa hayo.

#14 BintiKorogwe
Sasa nikose hilo la moja kwa moja, nibaki na nini? Si yatarudi yale yale ya mzee, unakaa unasubiri barua isiyokuja?

#15 ZamuYaUtumishi
Omba tarehe badala ya ahadi. Sisi tuliwahi kukubali maneno ya namna hii: "Mwajiri atafanya tathmini ya maandishi mwisho wa mwezi wa kwanza na wa pili na kumpa mwajiriwa nakala. Si zaidi ya siku saba baada ya majaribio kuisha, mwajiri atamjulisha mwajiriwa kwa maandishi kama amethibitishwa, ameongezewa muda na kwa sababu gani, au hakuthibitishwa. Nyongeza itakuwa mara moja tu, isizidi miezi mitatu." Mkurugenzi haoni kama amefungwa, na wewe una karatasi mkononi kila mwezi. Ukipewa tathmini mbili nzuri halafu wakunyime uthibitisho, wao ndio watakaohangaika kueleza.

#16 KatibuTawiMstaafu
Hilo zuri. Ningeongeza sentensi moja: wakikaa kimya baada ya hizo siku saba, mwajiriwa ahesabiwe amethibitishwa. Waombe, wakikataa usivunje meza.

#17 ShogaWaNgamiani
Mie mnanichosha na majaribio. Pesa ya kuondokea mbona hamuigusi? Siku saba kwa mwaka, huyu shoga yetu akitoka na miaka miwili si anapata wiki mbili nzima?

#18 KatibuTawiMstaafu
Hapo ndipo pa kukaa. Siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka ndicho kiwango cha chini cha sheria, kifungu cha 42, hadi miaka kumi. Si zawadi ya kampuni. Binti, tafsiri yako imeacha jambo dogo: ni kwa kila mwaka uliokamilika. Na lazima uwe umemaliza miezi kumi na miwili mfululizo, na mwajiri ndiye awe amekuachisha.

Weka hayo kwenye mkataba wa miaka miwili. Ukiachishwa mwezi wa kumi, hakuna. Ukiachishwa mwezi wa kumi na nane, umekamilisha mwaka mmoja, kwa hiyo siku saba. Ukiacha mwenyewe, hakuna. Ukifika mwisho wa miaka miwili mkataba ukaisha kwa muda wake, hakuna, na hapo sheria iko upande wao. Kwa hiyo jibu kwa shoga wa Ngamiani: hizo wiki mbili hazipo. Kitu kikubwa anachoweza kupata kwa kifungu cha 18, katika mkataba huu wote, ni siku saba.

Na saba za kiasi gani? Za msingi, 390,000, si 650,000. Jedwali la sheria linagawa mshahara wa mwezi kwa wiki 4.333, kisha kwa siku za kazi za wiki. Kwa siku sita inakuja kama 26. 390,000 kwa 26 ni 15,000 kwa siku, mara saba ni 105,000. Kama 650,000 yote ingekuwa msingi, siku ni 25,000 na mara saba ni 175,000.

#19 ZamuYaUtumishi
Mzee, sisi tunagawa kwa 30. Siku saba za kalenda, mwezi wa kalenda. 13,000 mara saba, 91,000. Na hakuna aliyetupeleka popote.

#20 KatibuTawiMstaafu
Hakuna aliyewapeleka kwa ajili ya shilingi 14,000, ndiyo maana. Kwa mwenye miaka kumi hiyo 14,000 inakuwa 140,000. Mimi nimeona ikilipwa kwa 26.

#21 ZamuYaUtumishi
Na mimi nimeona ikilipwa kwa 30. Tuliache, wote wawili tutamkawiza. Aombe hesabu iandikwe kwenye kifungu chenyewe, basi.

#22 BintiKorogwe
Sijui nicheke au nilie. Yaani kifungu nilichokiogopa kuliko vyote kina thamani ya laki moja? Na hotelini miaka minne nikiandika barua ya kuacha kazi, kiinua mgongo cha kule nacho kinapotea?

#23 KatibuTawiMstaafu
Kinapotea, kwa sababu unaacha mwenyewe. Mshahara wa siku ulizofanya na likizo usiyochukua wakulipe, na cheti cha utumishi wakupe. Toa notisi yako ya siku 28 vizuri, usiwape cha kukata. Halafu hiyo hasara ya hotelini ndiyo hoja yako Pongwe. Mwambie afisa: ninaacha miaka minne ya utumishi kuja kwenu.

#24 ChudaKwetu
Basi asihangaike na siku saba kuziomba ziwe kumi na nne. Mwaka mmoja tu unahesabika, ni kuongeza laki moja nyingine kwenye kitu ambacho huenda kisitokee.

#25 KatibuTawiMstaafu
Umesema kweli kabisa. Kwenye mkataba wa muda maalumu watu huomba mkono wa heri wa kumaliza mkataba. Huo hauko kwenye sheria, ni makubaliano. Mfano mshahara wa msingi wa mwezi mmoja kwa kila mwaka utakaoumaliza: miaka miwili ni 780,000, unalipwa mkataba ukiisha salama. Mwajiri anaupenda kuliko unavyodhani, maana unamfanya mtu wa stoo asiondoke katikati ya hesabu za mwaka.

Cha pili ni mgawanyo wa mshahara. Waombe msingi upande, posho ishuke, jumla ibaki 650,000. Ukiwa 520,000 kwa 130,000, siku yako inakuwa 20,000. Faida haiko kwenye kiinua mgongo peke yake, saa za ziada nazo zinahesabiwa kwa msingi, na ghala lina usiku wa kupokea mzigo.

#26 ZamuYaUtumishi
Na kwa sababu hiyo hiyo ya saa za ziada ndiyo watakataa. Nasema mapema asije akavunjika moyo. Mkono wa heri una nafasi zaidi.

#27 DerevaMasafa
Swali: ana mkataba wa miaka miwili. Wakimtoa mwezi wa kumi na tano, ameshathibitishwa, hana kosa, wakampa notisi ya mwezi na 105,000 yake. Ndiyo imeisha? Miezi tisa iliyobaki je?

#28 KatibuTawiMstaafu
Notisi haitoshi. Aliyethibitishwa anahitaji sababu halali na utaratibu wa haki hata kama notisi imelipwa, na kuna uamuzi mwingi wa kumlipa mtu miezi iliyobaki ya mkataba wa muda maalumu uliovunjwa bila sababu.

#29 ZamuYaUtumishi
Mwanasheria wetu husema kifungu cha notisi kikiwepo, pande zote zilikubali mkataba unaweza kukatika njiani, kwa hiyo miezi iliyobaki si ya kudai.

#30 KatibuTawiMstaafu
Mwanasheria wenu analipwa na nyie. Lakini nakubali hoja hiyo huletwa, na inategemea maneno ya mkataba. Binti, muulize kama wanaweza kuongeza kwenye 17: "kwa sababu halali kama sheria inavyotaka". Ni maneno machache na hayawagharimu kitu kama hawana nia mbaya.

Jambo la mwisho. Kifungu cha 15 cha sheria kinamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi asiyeelewa maelezo ya ajira anaelezwa kwa namna anayoielewa. Kuomba wakusomee 4, 17 na 18 kwa Kiswahili si usumbufu. Waandike na tafsiri waiambatanishe, ila ujue utakachosaini ndicho kitakachoshika, kwa hiyo marekebisho yaingie kwenye ule wa Kiingereza pia. Usikubali "tutarekebisha baadaye".

#31 BintiKorogwe (Alhamisi jioni)
Nimetoka huko. Notisi: mwezi kwa mwezi, wamebadilisha hapo hapo, afisa alishtuka kidogo akasema "kumbe iliandikwa hivi?". Majaribio: miezi mitatu, nyongeza mara moja tu ya miezi mitatu, tathmini za maandishi wamekubali. Ile ya wakikaa kimya nimethibitishwa wamekataa, na "bila notisi" imekuwa siku saba mwezi wa kwanza na 28 baadaye. Mgawanyo wa mshahara hawataki hata kuusikia, kaka wa utumishi ulitabiri. Mkono wa heri wamesema mkurugenzi yuko Dar, atajibu kesho asubuhi. Mimi niliomba mwezi kwa kila mwaka, wao wamegusia nusu mwezi.

"Kwa sababu halali" nilisahau. Narudi kesho saa mbili kabla ya kusaini.

#32 ZamuYaUtumishi
Nusu mwezi kwa mwaka ni 390,000 kwa miaka miwili. Kama atakuja na hiyo, muombe ilipwe pia kwa uwiano wa miezi endapo wao ndio watakaokatisha. Hapo ndipo itakuwa na maana.

#33 ShogaWaNgamiani
Na walinzi je, wale wanaolipwa kwa siku? Mume wangu yuko lindo pale pale Pongwe, hana hata karatasi.

#34 KatibuTawiMstaafu
Anayeajiriwa kwa siku au kwa wiki notisi yake baada ya mwezi wa kwanza ni siku nne. Lakini kama amekaa mwaka na analipwa mwisho wa mwezi, kumwita wa kutwa ni jina tu. Fungua uzi wako, eleza analipwaje na tangu lini, tutakufuata huko.